UTI au "maambukizi ya njia ya mkojo"? Kisa cha ukurasa mzuri ambao wagonjwa walikuwa hawaufikii

Hiki ni kisa cha kweli cha tovuti ya elimu ya afya kwa Kiswahili, ya Tanzania, ila jina la tovuti, mji na watu wote nimeyaondoa. Nilikuwepo kama mtu wa maudhui, kazi yangu ilikuwa kuangalia kwa nini kurasa zilizoandikwa vizuri hazifikiwi. Nimechagua ukurasa mmoja tu kwa sababu ndani ya huo mmoja ishu nzima ya kifupi cha kitaalamu na jina lake refu inaonekana wazi, mpaka kwenye databezi.

Hali ilivyokuwa

Tovuti inaendeshwa kwa WordPress, hosti ya kulipia ya bei ya kawaida ile ambayo seva moja mnachangia wengi. Waandishi ni madaktari wawili watatu na mhariri mmoja, na fundi anayekuja akiitwa. Wasomaji karibu wote wanatumia simu, na wengi wanaingia kwa njia mbili, ama wamegugo, ama wametumiwa linki kwenye grupu la WhatsApp halafu wakishaingia wanatafuta mengine kwa kile kisanduku cha kutafutia cha tovuti yenyewe.

Ukurasa tunaouongelea ulikuwa na kichwa hiki:

"Maambukizi kwenye njia ya mkojo: chanzo, dalili na tiba"

Na maelezo mafupi, yale yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo, yalikuwa haya:

"Fahamu ugonjwa huu unaosumbua wengi, chanzo chake, dalili zake na namna ya kujikinga."

Angalia vizuri hayo maelezo. Hayataji ugonjwa. Ukiyasoma peke yake yanaweza kuwa ya fangasi, ya vidonda vya tumbo, ya chochote. Na neno UTI halikuwepo kwenye kichwa wala kwenye maelezo, lilikuja kwenye aya ya nne huko ndani, tena limeandikwa "U.T.I" na nukta zake.

Sasa mgonjwa wa kawaida anaujuaje huu ugonjwa? Anaenda zahanati, anatoa mkojo, unapimwa, anaambiwa "una yutiai", kwenye karatasi yake panaandikwa UTI, anapewa dawa na kurudi nyumbani. Jina alilotoka nalo pale ni hilo tu. Akifika nyumbani anashika simu anaandika "dalili za uti" au "dawa ya uti". Jina refu la Kiswahili huwa hajalisikia mahali popote, na kama amelisikia anaweza kulisema kwa namna tano, "ya njia ya mkojo", "kwenye njia ya mkojo", "katika mfumo wa mkojo" na kadhalika.

Tatizo lilivyogundulika

Malalamiko ya kwanza yalikuja kwa mhariri kutoka kwa msomaji, mama mmoja aliyeandika kwamba ametafuta uti kwenye tovuti akaletewa habari za uti wa mgongo, mtoto hana homa ya shingo kukaza, yeye alikuwa anataka kujua kwa nini binti yake analia akikojoa. Mhariri akajaribu mwenyewe kwenye simu, akaandika uti, na kweli, ukurasa wa juu kabisa ulikuwa unahusu tofauti kati ya mafua na mzio, ukifuatiwa na namna ya kutibu majeraha ya moto, halafu homa ya uti wa mgongo kwa watoto. Ukurasa wa UTI ulikuwa mbali huko chini, unabonyeza "inayofuata" mpaka unachoka.

Watu walidhani tovuti imeharibika. Haikuwa imeharibika, ilikuwa inafanya kile ilichoambiwa. Utafutaji wa kawaida wa WordPress hauangalii neno zima, unaangalia kama herufi ulizoandika zipo mahali popote ndani ya kichwa, muhtasari au mwili wa makala. Ukiandika uti inauliza databezi kitu cha namna hii:

```sql
SELECT post_title FROM wp_posts
WHERE post_title LIKE '%uti%'
   OR post_excerpt LIKE '%uti%'
   OR post_content LIKE '%uti%';
```

Herufi kubwa na ndogo kwake ni sawa. Kwa hiyo u-t-i zinapatikana wapi kwenye Kiswahili? Zipo kwenye "kutibu", zipo kwenye "hutibiwa", zipo kwenye "tofauti", "sauti", "mauti", "kutikisa". Kwenye tovuti ya afya neno "kutibu" liko karibu kila ukurasa, yaani ukitafuta uti unaletewa tovuti nzima. Na juu ya hapo kuna "uti" yenyewe kama neno halali la Kiswahili, uti wa mgongo, na homa ya uti wa mgongo ni ugonjwa mwingine kabisa na wa hatari zaidi.

Halafu kuna mpangilio. Ukitafuta neno moja, WordPress inatanguliza makala zenye zile herufi kwenye kichwa, na ndani ya hizo inaweka mpya juu. Kichwa chetu hakikuwa na u-t-i popote, kwa hiyo kilitupwa nyuma ya kila kichwa chenye "kutibu" au "tofauti", hata kiwe kinahusu kucha.

Upande wa Google nako tulifungua Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti watu wameandika nini mpaka wakaona ukurasa wake, sehemu ya maswali. Ukurasa ulikuwa unaonyeshwa kwa walioandika "maambukizi ya njia ya mkojo" na wa karibu na hapo. Waliouliza kwa "uti" walikuwa hawaonekani kwenye orodha yetu kwa kiwango cha maana. Hapa niseme kwa haki, Google ina akili ya kuunganisha maneno kuliko databezi yetu, inaweza kujua UTI na njia ya mkojo ni kitu kimoja, lakini hata ikikuonyesha, msomaji anayeangalia orodha anatafuta herufi tatu alizoandika, na kwenye kichwa chetu hazipo, anapita.

Uamuzi wa kwanza na kwa nini haukutosha

Fundi alikuwa mwepesi, akaongeza kifupi mwishoni:

"Maambukizi ya njia ya mkojo: chanzo, dalili, tiba na kinga kwa wanawake, wanaume na watoto (UTI)"

Nia nzuri, ila kwenye simu Google inakata kichwa kulingana na upana wa skrini, na kilichokatwa ni hichohicho kifupi tulichokiongeza. Mgonjwa alikuwa anaona "Maambukizi ya njia ya mkojo: chanzo, dalili, tiba na…" basi. Kwenye linki ya WhatsApp hivyohivyo.

Mwandishi mwingine akapendekeza tuweke kila namna, "UTI U.T.I yutiai dawa ya UTI maambukizi ya mkojo". Hili tulilikataa. Google inaonya wazi dhidi ya kurundika maneno kwenye kichwa, na inaweza kuamua kukuandikia kichwa kingine yenyewe, lakini hata bila Google, mgonjwa mwenye maumivu akiona kichwa kile anadhani ni tangazo la muuza dawa za mitishamba.

Ubishi kati ya daktari na mhariri

Daktari aliyeandika makala alitaka jina refu litangulie. Hoja yake ilikuwa ya msingi, alisema, "Dada, UTI ni kifupi cha Kiingereza, sisi tunaelimisha kwa Kiswahili, tukianza na kifupi tunamwacha mtu na herufi tatu asizozielewa." Mhariri akamjibu kwamba, "Daktari, nakuelewa kabisa, ila huyo mtu herufi tatu tayari anazo mkononi, kapewa na zahanati, ndizo zinamleta kwetu. Akishafika ndo tumpe jina zima."

Mimi nilikuwa upande wa mhariri na bado niko. Kazi ya kichwa ni kumfanya mtu atambue kwamba hapa ndipo, na mtu anatambua kwa jina alilonalo. Ila daktari alikuwa sahihi kwenye jambo moja ambalo lilibadilisha uamuzi wetu, kwamba kifupi peke yake kwa Kiswahili kinagongana na uti wa mgongo. Tukiandika "UTI: dalili na tiba" mzazi mwenye mtoto mwenye homa kali na shingo iliyokaza anaweza kufungua akidhani ni yake, na huyo hatakiwi kupoteza hata dakika moja kusoma habari za mkojo. Jina refu likikaa pembeni ya kifupi linafunga huo mlango palepale kwenye orodha ya matokeo, kabla hajabonyeza.

Kwa hiyo tukakubaliana hivi:

Kichwa: "UTI (maambukizi ya njia ya mkojo): dalili na tiba"

Maelezo: "UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Dalili: maumivu ukikojoa, kukojoa mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu. Jua vipimo na lini uwahi hospitali."

Kichwa kina herufi 49 pamoja na nafasi, maelezo 145. "Chanzo" tumeitoa kwenye kichwa kwa makusudi ili vyote viwili viingie bila kukatwa. Kati ya namna zote za jina refu tulichukua "ya njia ya mkojo" kwa sababu ndiyo iliyokuwa inajirudia zaidi kwenye maswali ya Search Console. Nukta za U.T.I tukazitoa kila mahali, sababu nitaieleza chini.

Maelezo tuliyaandika sehemu mbili. Kuna kiboksi cha plagini ya SEO, hicho ndicho kinatoa maelezo kwa Google na kwa hakikisho la linki kwenye WhatsApp. Lakini yanayoandikwa mle yanahifadhiwa kwenye jedwali lingine la databezi ambalo utafutaji wa ndani wa WordPress hauligusi kabisa. Kwa hiyo maneno yaleyale tukayabandika pia kwenye sehemu ya muhtasari wa makala, inayohifadhiwa kama `post_excerpt`, ambayo utafutaji wa ndani unaisoma. Wengi wanajaza kiboksi cha plagini halafu wanashangaa kisanduku cha kutafutia hakioni kitu.

Kichwa kipya hakikumaliza kazi

Tulipotafuta tena uti kwa ndani, ukurasa ulipanda, ila haukuwa wa kwanza. Sababu ni ileile, sasa kichwa chetu kina u-t-i, lakini na "tofauti kati ya mafua na mzio" kina u-t-i, wamefungana, na mwenye tarehe mpya anakaa juu. Makala yetu ilikuwa ya zamani. Hapa ndipo nikaona kwamba kichwa kizuri bila utafutaji unaojua neno zima ni nusu ya kazi, kwa kifupi kama hiki ambacho kimefichwa ndani ya maneno ya kila siku.

Fundi akatengeneza indeksi ya maneno mazima:

```sql
ALTER TABLE wp_posts
ADD FULLTEXT INDEX kichwa_muhtasari
(post_title, post_excerpt);
```

Kisha utafutaji ukaelekezwa huko kwa `MATCH ... AGAINST`. Hii inavunja maandishi kuwa maneno, kwa hiyo "kutibu" ni kutibu na "tofauti" ni tofauti, wakatoka wote kwenye matokeo ya uti. Wakabaki kurasa za UTI na ule wa homa ya uti wa mgongo, na huo tuliuacha abaki kwa makusudi, maana kuna mzazi anayeandika "homa ya uti" akimaanisha hasa huo. Vichwa vyenyewe sasa vinamtenganishia.

Indeksi hii ina tabia zake ambazo zilitufundisha zaidi kuhusu vifupi kuliko kitu kingine. Kwenye MySQL, jedwali la aina ya InnoDB haliingizi neno lenye herufi chini ya 3 kwenye indeksi, ndo mpangilio wake wa kawaida (`innodb_ft_min_token_size`). UTI ina herufi 3, imepona. Ila kama jedwali lako ni la zamani la MyISAM, kiwango cha kawaida ni herufi 4, UTI isingeonekana kabisa, ungetafuta ukaambiwa hakuna kitu wakati kichwa kinakutazama.

Na hizo nukta. Indeksi inachukulia nukta kama mwisho wa neno, kwa hiyo "U.T.I" inakuwa U, T na I, tatu za herufi mojamoja, zote zinatupwa. Kurasa mbili tatu ambazo zilikuwa zimeandikwa hivyo zilipotea mpaka tulipozirekebisha. Upande wa msomaji, fundi aliweka mstari wa kuondoa nukta kwenye alichoandika kabla ya kutafuta, na "yutiai" ikabadilishwa kuwa UTI kimyakimya.

Kisha tukagonga ukurasa wa TB. Herufi mbili. Haiingii kwenye indeksi, na kwa hosti ya kuchangia hatuna ruhusa ya kubadilisha mpangilio wa seva na kuiwasha upya. Kilichookoa ni kwamba kichwa kilikuwa na vyote, "TB (kifua kikuu)". Aliyeandika kifua kikuu alipata moja kwa moja. Kwa aliyeandika TB peke yake ilibidi fundi afungue njia ya pembeni, maneno mafupi kuliko herufi 3 yatafutwe kwenye vichwa tu kama neno zima lililosimama peke yake, na kwa sababu tovuti ni ndogo haikuleta uzito. Lakini hebu fikiria kichwa kingekuwa na TB pekee na hiyo njia ya pembeni haipo.

Matokeo

Kwa ndani, ukiandika uti, U.T.I au yutiai, ukurasa unaokuja juu ni wenyewe. Kwenye Search Console, maswali yenye "uti" yalianza kuonekana kwa ukurasa huo ndani ya wiki chache baada ya Google kuupitia tena, na yale ya jina refu hayakupotea, kitu ambacho daktari alikuwa anakihofia. Mabonyezo yaliongezeka. Siwezi kusema kiasi gani ni kwa kichwa na kiasi gani kwa maelezo kwa sababu tulibadilisha pamoja, na pia Google mara nyingi haikutumia maelezo yetu, ilikuwa inachukua sentensi kutoka ndani ya makala. Google ilishasema tangu 2009 kwamba hayo maelezo haiyatumii kupanga nani awe juu, kwa hiyo nisingeweka matumaini ya kupanda kwenye maelezo. Faida yake ni kwa macho ya msomaji, ukiona "UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo" unajua umefika.

Kilichofanya kazi, na kilichoharibika tulipokizidisha

Kilichofanya kazi ni mgawanyo. Kifupi kilileta watu, jina refu liliwatenganisha na uti wa mgongo, likawapa njia wale wasiojua kifupi, na likawa akiba pale mashine inapotupa vifupi. Ungetoa kimoja kati ya hivyo pangebaki pengo mahali fulani.

Kilichoharibika kilikuja baadaye. Mhariri alifurahia matokeo akaagiza kila kichwa kwenye tovuti kiwe na vyote viwili. Kurasa ndogo kama "UTI kwa mjamzito" na "UTI kwa watoto" zikawa na vichwa virefu vinavyofanana mwanzo wote, "UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa…" na kwenye simu vikakatwa palepale kabla ya mjamzito na mtoto kuonekana. Msomaji anaona mistari mitatu inayofanana. Tukarudisha, ukurasa mkuu tu ndo unabeba vyote viwili kwenye kichwa, kurasa ndogo zina kifupi kwenye kichwa na jina refu kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo. Hapo maelezo ndipo yanapolipa kweli, yanabeba kile ambacho kichwa kimekosa nafasi.

Na kuna maneno ambayo mpango huu hauyahitaji, mengine yanaukataa. UKIMWI ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini lakini ni nani anayetafuta kwa hilo jina refu? Kwenye kichwa linakula nafasi bure, likae aya ya kwanza. Kwa virusi vyenyewe jozi inayofaa ni vifupi viwili, VVU na HIV, kwa sababu wasomaji wamegawanyika hapo. BP nayo, tulipoangalia maswali, watu walikuwa wanaandika "presha" kuliko BP na kuliko shinikizo la damu, kwa hiyo kichwa kikawa "Presha ya kupanda (shinikizo la damu)" na BP ikaenda kwenye maelezo, ikijulikana kabisa kwamba kwa herufi zake mbili indeksi yetu haitaiona hapo, na ile njia ya pembeni inasoma vichwa tu. Hilo la BP bado liko kwenye orodha ya fundi.